Bili ya maji imeruka ghafla na unahisi mita imesomwa vibaya? Anzia hapa kabla hujaenda kugomba ofisini

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale, iwe Pasua, iwe Majengo hapa Moshi, iwe jamaa anapiga simu kutoka Sakina kule Arusha. Mtu alikuwa analipa elfu ishirini na kitu kila mwezi, leo meseji imeingia inasema laki mbili. Mimi ni fundi bomba, si mtu wa ofisi ya maji, ila bili ikiruka hivyo wa kwanza kuitwa ni fundi, kwa sababu kila mtu anadhani bomba limepasuka chini ya ardhi. Kuna siku ni kweli limepasuka. Lakini zipo nyingi tu ambazo bomba ni zima, choo kizima, floti ya simtank inafunga vizuri, na tatizo lote liko kwenye namba moja iliyoandikwa vibaya na aliyekuja kusoma mita.

Na hapo ndo watu wanapokosea njia. Wanaenda ofisini kulalamikia hela. "Bili yangu kubwa sana, mimi nakaa na watoto wawili tu, laki mbili nimetumia wapi?" Yule dada wa dirishani hiyo kauli anaisikia asubuhi mpaka jioni na hana cha kuifanyia. Hela ni matokeo ya hesabu. Kinachoweza kurekebishwa ni usomaji, kwahiyo wewe kapambane na usomaji, ukirekebishwa huo hela inashuka yenyewe.

Kabla ya yote, isome mita yako mwenyewe

Fungua kifuniko, futa kioo kwa kitambaa chenye maji. Utaona namba nyeusi na namba nyekundu (mita zingine nyekundu ni visahani vidogo vyenye mishale). Nyeusi ndo uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni lita, hazihusiki na bili. Kama mita inaonyesha nyeusi 00875 na nyekundu 230, maana yake imepitisha uniti 875 na lita 230 tangu ifungwe, wewe shika 875 tu. Katikati kuna kigurudumu kidogo, mara nyingi kina umbo la nyota au pembetatu, hicho kinazunguka hata maji yakiwa membamba sana kwahiyo ndo shahidi wako wa kuvuja.

Alafu chukua bili, siyo ile meseji tu yenye jumla ya hela. Unataka vitu vinne: usomaji wa awali, usomaji wa sasa, tarehe ya kusomwa, na namba ya mita. Kama umetumiwa meseji fupi isiyo na hivyo vitu nenda ofisini omba bili yenye maelezo kamili, ni haki yako kujua umetozwa kwa namba ipi.

Piga picha ya mita siku hiyo hiyo. Picha moja ya karibu inayosoma namba, na nyingine inayoonyesha namba ya mita iliyogongwa kwenye kifuniko au kwenye pete ya shaba, au piga video moja inayoanza kwenye namba ya mita, inaenda kwenye usomaji, inaonyesha na geti la nyumba. Hiyo picha iache kwenye simu yako, usiifute ukishaituma wasap, maana ile ya kwenye simu inabaki na tarehe na saa iliyopigwa na ile iliyopita wasap inapoteza hayo maelezo.

Ukishapata namba mbili, ya kwenye bili na ya kwenye mita, zilinganishe. Kinachofuata kinategemea zimekaaje.

DALILI YA 1: Bili inasema namba kubwa kuliko mita inavyosema leo

Hii ndo kesi tamu kuliko zote. Mita hairudi nyuma. Kama bili ya tarehe 3 inasema mita ilikuwa 973 na leo tarehe 7 mita inasema 875, hakuna maelezo ya duniani yanayoweza kuifanya ile 973 iwe kweli. Huhitaji fundi, huhitaji kupima chochote, huhitaji kueleza mko wangapi ndani.

Sababu inayoongoza ni tarakimu kusomwa vibaya. Zile namba ziko kwenye vigurudumu vinavyozunguka, na kigurudumu kikiwa katikati ya kuhama unaona nusu ya 8 na nusu ya 9 kwa pamoja. Hapo inatakiwa isomwe ile ndogo, maana ile kubwa bado haijafika. Ongeza kioo chenye ukungu ndani, mita iliyo kwenye shimo lenye tope, na msoma mita mwenye nyumba kibao za kumaliza kabla jua halijakuwa kali, tarakimu moja inapotea kirahisi tu. Ikipotea kwenye makumi umeongezewa uniti 10, ikipotea kwenye mamia umeongezewa 100.

Inayofuata ni makadirio. Geti limefungwa, mbwa yuko nje, msoma mita anaandika namba anayoona inafaa. Dalili yake ni uniti za duara au zinazofanana miezi mfululizo, 20, 20, 20. Angalia pia bili kama imeandikwa kwamba ni makadirio.

Ya tatu ni mita ya jirani. Hii ipo sana kwenye nyumba za kupanga ambapo mita nne zimepangwa kwenye ukuta mmoja. Linganisha namba ya mita kwenye bili na ile iliyogongwa kwenye mita yako. Kama hazifanani umepata jibu, ila usiishie hapo maana kuna wakati namba zinafanana kwenye karatasi lakini bomba zilichanganywa wakati wa kufunga. Funga koki ya baada ya mita inayosemekana ni yako, fungua bomba la jikoni. Maji yakiendelea kutoka na ukaona mita ya pembeni ndo inazunguka, mmekuwa mnalipiana. Na jirani mwenye bili ndogo kupita kiasi hana haraka ya kukuambia.

Ya mwisho na adimu ni kusoma mpaka namba nyekundu. Mita ni 00873 na nyekundu ya kwanza ni 4, mtu kaandika 8734. Hapo bili inakuja ya mamilioni, na uzuri wake ni kwamba haina mjadala, hata mhasibu akiiona anacheka.

Tuifanye moja mwanzo mpaka mwisho

Mama mmoja wa Pasua ana nyumba ya vyumba vitatu na bomba moja la nje. Bili zake tatu zilizopita ni uniti 13, 15 na 14. Mwezi huu inasoma hivi: usomaji wa awali 859, usomaji wa sasa 973, uniti 114. Tuchukue bei ya shilingi 1,800 kwa uniti ili hesabu iende tu (bei halisi iko kwenye bili yako). Imekuja 205,200.

Ameniita nikafukue bomba. Nikamwambia mama subiri kwanza, kufukua ni hela, tukaone mita. Imesimama 875 na nyekundu kadhaa, na tangu isomwe zimepita siku nne. Mtu wa uniti 14 kwa mwezi anatumia kama nusu uniti kwa siku, kwahiyo kwa siku nne ni uniti 2. Toa 2 kwenye 875 unapata 873. Sasa weka 873 na 973 pembeni pembeni. Ni tarakimu moja, 8 imeandikwa 9. Uniti halisi ni 873 kutoa 859, ambayo ni 14, ile ile aliyoizoea. Bili yake ni 25,200 na alichoongezewa ni uniti 100 kamili, shilingi 180,000.

Hesabu hiyo ya kurudi nyuma iandike kwenye karatasi unapoenda ofisini, kwa sababu inafanya kitu ambacho picha peke yake haifanyi: inamwonyesha mtu wa ofisi kosa lilitokea wapi. Akiliona kosa anakuwa na cha kuandika kwenye fomu ya marekebisho.

Jibu ambalo usilikubali

Ukifika na kesi hii unaweza kuambiwa kwa upole kabisa: "Mama usijali, itajirekebisha yenyewe, mwezi ujao mita ikisomwa vizuri utakuwa hudaiwi." Inasikika vizuri. Ikatae.

Fikiria kinachotokea. Mfumo unaamini mita iko 973. Mwezi ujao msoma mita anakuta 887, namba ndogo kuliko ya mwezi uliopita, na hapo ama uniti zinakuja hasi ama anaambiwa kosa na anaamua kuandika 973 tena ama, mbaya zaidi, anakadiria 985 ili iende. Hata wakifanya kwa nia njema, kwa matumizi ya uniti 14 kwa mwezi mita ya huyu mama itafika 973 baada ya miezi saba hivi. Yaani analipa laki moja na themanini leo kwa maji atakayokunywa mpaka mwakani. Na pale ambapo bei inapanda kwa ngazi, kwamba uniti za mwanzo ni nafuu na za juu ni ghali, zile 100 zimepigwa bei ya ngazi ya juu, kwahiyo hata ukija "kuzitumia" bado umelipa zaidi. Kama nyumba ina mfereji wa maji taka ndo kabisa, maana tozo ya maji taka inapigwa kwa kufuata uniti za maji, nayo imepanda pamoja.

Kwahiyo omba vitu viwili kwa maneno haya haya: usomaji wa tarehe 3 ubadilishwe kutoka 973 kwenda 873, na bili itolewe upya kwa huo usomaji, pamoja na maji taka kama yapo.

Barua yenyewe iwe fupi

Unaweza kuanza kwa simu au dirishani, na ukifanya hivyo omba namba ya malalamiko. Ila mimi nashauri barua ya ukurasa mmoja, peleka nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yako. Nakala isiyo na muhuri ni karatasi tu. Mfano wa huyo mama:

Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Maji.

YAH: OMBI LA KUREKEBISHA USOMAJI NA BILI, AKAUNTI NAMBA ........, MITA NAMBA ........

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Bili yangu ya tarehe 3 inaonyesha usomaji wa awali 859 na wa sasa 973, sawa na uniti 114. Tarehe 7 mita ilikuwa inasoma 875, picha imeambatanishwa. Kwa kuwa mita haiwezi kurudi nyuma, usomaji wa 973 si sahihi. Matumizi yangu ya miezi mitatu iliyopita ni uniti 13, 15 na 14, hivyo naamini usomaji sahihi ulikuwa 873.

Naomba: (1) mita isomwe upya nikiwepo, (2) usomaji na bili virekebishwe, pamoja na tozo zilizokokotolewa kwa uniti hizo, (3) huduma isikatwe wakati suala linashughulikiwa. Nimelipa shilingi 25,200 ambazo sina ubishi nazo, risiti imeambatanishwa.

Jina, simu, mtaa, sahihi.

Hamna haja ya kueleza hali ngumu ya maisha wala kumtaja msoma mita kwa jina. Ukimshambulia mtu, ofisi inamlinda mtu wao, ukishambulia namba hamna wa kuilinda.

Kuhusu hiyo 25,200: lipa sehemu unayoikubali, usikae bila kulipa kabisa. Mtu asiyelipa chochote anaingia kwenye orodha ya kukatiwa kama mdaiwa yeyote yule, na akikatiwa anaanza kupambana na gharama za kurudishiwa maji juu ya bili. Chukua wastani wa miezi mitatu, hapa ni 14, ulipie hizo. Kama namba ya malipo uliyotumiwa haikubali kiasi pungufu, waombe ofisini wakutengenezee nyingine. Na tafadhali, hela inaenda kwenye namba ya malipo ya serikali tu. Akija mtu getini anasema mpe elfu hamsini kwenye simu yake aimalize hiyo bili, hapo simama, umeanza kuibiwa mara ya pili.

DALILI YA 2: Namba ya bili inakubaliana na mita, ila uniti ni nyingi mno

Hapa usikurupuke kuandika kwamba mita imesomwa vibaya, maana imesomwa sawa. Tatizo liko kwenye usomaji wa zamani, au kwenye bomba zako, au kwenye mita yenyewe, na uwezekano unashuka kwa mpangilio huo.

Cha kwanza angalia miezi ya nyuma. Tuseme geti lilikuwa linafungwa miezi mitatu wakawa wanakadiria uniti 8 kila mwezi, jumla 24, wakati kweli ulikuwa unatumia 15, jumla 45. Mwezi wa nne wamesoma mita kihalali na zile 21 zilizobaki zimeangukia humo humo, 15 na 21 ni 36. Maji umeyatumia kweli, kwahiyo kuomba yafutwe hutapata. Unachoweza kuomba ni mgawanyo: 24 na 36 ni 60, gawa kwa miezi minne, kila mwezi 15, wakokotoe upya kwa bei ya kila mwezi ili usipigwe ngazi ya juu, na deni lililobaki ulipe kwa awamu. Hilo ni ombi la haki na linaeleweka.

Kama miezi ya nyuma iko safi, pima kuvuja. Jaza simtank kwanza mpaka floti ifunge, hii watu wanaisahau, wanafunga mabomba yote ya ndani wakati tanki bado linajaa kule juu alafu wanaona mita inazunguka wanapiga kelele bomba limepasuka. Tanki likijaa, saa nne usiku soma mita mpaka namba nyekundu, piga picha, mtu asiguse maji, soma tena saa kumi na moja alfajiri. Zikiwa sawa huna kuvuja. Zikiwa zimesogea gawanya lita kwa saa. Choo kinachotiririsha lita moja kwa dakika, ambacho hata hukisikii kama mlango umefungwa, kinamaliza lita 1,440 kwa siku, hiyo ni kama uniti 43 kwa mwezi. Kwahiyo mtu anayesema "kale ka choo hakawezi kula hela zote hizo" kakaa vibaya kihesabu.

Ukikuta inasogea, funga koki ya baada ya mita. Kigurudumu kikisimama, kuvuja kuko upande wako: choo, floti, alafu bomba la chini kwa mpangilio huo. Kikiendelea kuzunguka na koki imefungwa, ama koki haifungi sawasawa ama panavuja kati ya mita na koki ama mita ina shida, na hapo usifanye kitu, ita mamlaka waje waone. Kuvuja kabla ya mita ni kwao, na hakuingii kwenye bili yako. Baada ya mita ni kwako, ingawa ukitengeneza haraka ukawapa risiti ya fundi na picha ya palipovuja, unaweza kuomba wakufikirie. Hilo ni ombi la huruma, si dai, liandike hivyo.

Alafu kuna hewa. Wale wa maeneo ya mgao wanaijua, maji yakirudi bomba linapiga chafya kwanza na mita inazunguka kama feni. Ni kweli hewa inazungusha mita. Lakini pima kabla ya kuilaumu kwa kila kitu: bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 300 likiwa tupu kabisa linabeba lita kama 600 tu, na hizo mnagawana mtaa mzima. Hewa inaweza kukuongezea uniti chache kwa mwezi kama maji yanakatika kila siku, haiwezi kukuongezea 100. Ukitaka ushahidi piga video maji yanaporudi, simu moja kwenye bomba linalotoa upepo na mwenzako anaonyesha mita, na kwa sasa uwe unafunga koki ya mita maji yakikatika, unafungua yakishatulia.

Mita kuwa mbovu naiweka mwisho kwa makusudi. Watu wote wanaanzia hapo, "mita inakimbia". Mita hizi za vigurudumu zikichakaa kawaida zinakuwa nzito, zinasoma pungufu, hazisomi zaidi. Jaribio la nyumbani ni hili: chota ndoo tano za lita 20 ukiishia kwenye mstari wa ndoo, uone namba nyekundu imesogea ngapi. Ikisogea 95 au 105 usiseme kitu, ndoo yako yenyewe haina uhakika wa hivyo, na dumu la lita 20 likijazwa mpaka shingoni linabeba zaidi ya 20. Mita nzuri ya kiwango cha kawaida inaruhusiwa kukosea asilimia 2 kwa mtiririko wa kawaida na 5 kwa mtiririko mwembamba. Ikisogea 130, rudia mara ya pili, ikirudia hivyo hivyo una hoja ya kuomba mita ipimwe. Ikisogea 80 fikiria vizuri kabla hujadai kipimo, kwa sababu utafungiwa mita mpya na bili itapanda kihalali.

Kipimo kinachosimama mbele ya mtu yeyote ni cha maabara, na mwenye mamlaka ya kuhakiki vipimo nchini, mita za maji zikiwemo, ni Wakala wa Vipimo. Omba kwa maandishi kupitia mamlaka, na uulize kabla nani analipia kipimo kama mita ikionekana nzima.

Hapa simama kabisa: usikate lakiri ya mita, usiitoe, usiigeuze, usimruhusu fundi yeyote hata mimi aifungue "aangalie kidogo". Lakiri ikikatika wewe ndo unakuwa mtuhumiwa wa wizi wa maji na ule ushahidi wote wa picha unakufa. Na kama kuvuja kuko karibu na pampu ya umeme na sakafu imelowa, usiguse swichi ya pampu, zima umeme kwenye meni na uite fundi umeme.

DALILI YA 3: Umelalamika na bili haijashuka, au imeshuka alafu deni limerudi

Deni kurudi maana yake walirekebisha hela bila kugusa usomaji, au walirekebisha bili moja na mfumo ukabeba deni la zamani kwenda mwezi mpya. Omba stetimenti ya akaunti, uone kama kuna mstari wa marekebisho wenye tarehe na kiasi. Mstari huo usipokuwepo, hakuna kilichofanyika hata kama mtu alikuambia "tayari".

Kimya nacho kina ngazi zake. Rudi na nakala yako yenye muhuri, uliza liko kwa nani, andika jina la cheo chake na tarehe. Andika barua ya pili fupi inayotaja ya kwanza. Bado kimya au jibu halina maana, nenda EWURA, ndo msimamizi wa huduma za maji kibiashara na wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha. Wao watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma, na ndo maana nilisema muhuri. Kama kuandika malalamiko kunakupa shida kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, kazi yao ni kumsaidia mtumiaji kama wewe kuyapanga na kuyafuatilia. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anakata rufaa Baraza la Ushindani, ila ukifika huko tafuta mwanasheria, mambo ya muda wa kukata rufaa siyo ya kubahatisha. Kwa laki na themanini sidhani kama utafika huko, lakini hoteli au shule yenye bili ya mamilioni inaweza kufika.

Yule mama wa Pasua walikuja wakasoma tena akiwepo, bili ikatoka upya ya 25,200 ambayo alishalipa. Nikamwambia risiti na barua asitupe bado, asubiri bili inayofuata, na ikija asiangalie hela kwanza, aangalie kwenye usomaji wa awali kama wameandika 873. Wakiandika 973 arudi siku hiyo hiyo na ile ile nakala ya muhuri.